Kumhoji Speke darasani

"Nafundisha historia kidato cha pili hapa Mwanza. Wanafunzi wanakariri tu kwamba Speke aliligundua ziwa letu, Ziwa Victoria. Nawafundishaje kuhoji chanzo?"

Mwalimu mwenzangu, anza na huyohuyo Speke. Andika ubaoni dai lake la Agosti 1858: ameona ziwa hili, na ndilo chanzo cha Nile. Waache kwanza waulize mwandishi ni nani. Ni ofisa wa jeshi la Uingereza nchini India, aliyemwacha mkuu wa msafara, Burton, akiugua Kaze (Tabora ya leo).

Aliandika kwa nini? Hapo tulia, usiwakimbize. Burton alilikataa dai lile, wakagombana hadharani, na Speke akachapisha maelezo yake katikati ya ugomvi huo, akitaka sifa ibaki kwake. Burton naye alikuwa na lake: alitaka Ziwa Tanganyika lihusike. Kwa hiyo usimpe uamuzi mmoja wao.

Kisha wachore safu mbili: alichokiona Speke kwa macho, na alichokisia au kuambiwa. Ya kwanza itabaki fupi: maji, visiwa, ufukwe wa kusini. Mto unaotoka kaskazini hakuuona safari ile; aliufikia 1862. Mengine aliyapata kwa wenyeji kupitia mkalimani, Sidi Mubarak Bombay.

Mwanafunzi mjanja atasema, "Mbona ilikuwa kweli?" Mjibu kwamba 1858 ushahidi wake haukutosha; msafiri Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa 1875 na kulithibitisha dai. Neno "aligundua" wenyewe watalishughulikia, hasa watoto wa wavuvi.