Chupa ya nusu lita si nusu kilo

"Chupa zangu za asali ni za mililita 500. Kwenye lebo niandike gramu 500? Na tarehe ya mwisho niweke ipi wakati asali haiozi?"

Usiandike 500, unajipunja. Asali ni nzito kuliko maji karibu mara 1.4, kwa hiyo chupa hiyo ikijaa inabeba takriban gramu 700. Pima chupa tupu, pima ikiwa imejaa, toa. Kinachobaki ndicho uzito wa kuandika.

Na uliposema asali haiozi, umepatia nusu. Ikizidi maji, tuseme zaidi ya asilimia 20, huchacha: utaona povu, kifuniko kimevimba, na harufu ya pombe. Kwa hiyo weka "Bora kabla ya" na mwezi na mwaka, kisha "Funga vizuri, hifadhi pakavu". Ongeza kwamba ikiganda haijachakachuliwa, iwekwe tu kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi nilirudishiwa chupa tatu kwa kukosa sentensi hiyo! Na asipewe mtoto chini ya mwaka 1.

— Pilipili manga yangu ya unga nayo basi ni 700?

— Hapana ndugu, unga una hewa ndani. Pima.