Kumkazia macho fundi, au kumwachia kazi yake?

"Wakuu, nimepewa kusimamia karakana ya ushonaji yenye mafundi wanane. Bosi anasema usipowakazia macho hawafanyi kitu. Mimi nahisi wakiaminiwa watafanya. Nishike lipi?"

Mkuu, nimesimamia mafundi wa sare za shule miaka sita, na mwanzoni nilikuwa upande wa bosi wako. Uzi nilifungia kabatini, anayekwenda msalani aliaga, na kurekebisha mashine hakuna aliyeruhusiwa ila mimi. Kila shati nililikagua mwenyewe.

Januari moja, msimu umepamba moto, nilitoka kufuata vishikizo. Niliporudi nikakuta mashati 11 yana vitanzi upande wa chini wa mshono, maana uzi wa juu ulikuwa umelegea. Ni suala la kuzungusha kitufe cha kukazia uzi, sekunde chache tu. Dada aliyeyashona ana uzoefu kunizidi, na aliliona tangu shati la kwanza. Nikamuuliza mbona hakurekebisha. "Kaka, si ulisema tusiguse mashine?"

Jibu lile lilinikaa kichwani. Ningeweza kusema "unaona, hawajali", lakini aliyewafundisha kutojali kule ni mimi. Douglas McGregor, mwalimu wa uongozi kule MIT, Marekani, aliliandika hili mwaka 1960. Dhana ya kwamba mtu ni mvivu hadi asukumwe aliiita X, na ya kwamba mtu hujituma na kubeba wajibu akipewa nafasi akaiita Y. Kinachonigusa ni kwamba dhana ya X hujizalishia ushahidi: ukimbana mtu, anafanya kile tu unachokagua, nawe unazidi kuamini kwamba bila wewe hakuna kazi.

Nikabadilisha. Kila fundi akaruhusiwa kurekebisha mashine yake. Kazi nikaigawa kwa wawili wawili, wanashona oda nzima na kukaguana, na kila furushi lina karatasi yenye majina yao. Mimi jioni nachomoa mashati matano kwa kila furushi, nageuza ndani nje, naangalia kola, makwapa na mikono.

Usidhani nililegeza kila kitu. Kitambaa bado kinapimwa kikiingia na kuhesabiwa baada ya mkato, kwa wote, mimi nikiwemo. Hapo nahesabu mali, simhukumu mtu. Mwanafunzi mpya naye nakaa naye karibu wiki za mwanzo, kwa sababu hajajua bado. Na fundi mmoja alitumia uhuru ule kulipua kazi. Mashati matano ya jioni yalimfichua ndani ya siku tatu, nikazungumza naye peke yake. Wengine sikuwarudishia kufuli la uzi kwa kosa lake.

Kwako, anza na oda moja ndogo na mafundi wawili. Mwombe bosi wiki mbili, kisha mpelekee hesabu ya mashati yaliyorudi kurekebishwa, kabla na baada. Hiyo ataisikiliza kuliko hisia zako.