HR 0.82 haimaanishi wagonjwa 18 kati ya 100 wameokolewa

Nikipewa makala ya utafiti wa dawa ya saratani, naruka muhtasari na kuanza na grafu ya uhai, ile inayoonyesha asilimia ya walio hai kadiri miezi inavyopita. Mfano ninaopenda kuwaonyesha wenzangu ni utafiti wa saratani ya kongosho uliochapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 569 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa jemsitabini na erlotinibu, nusu jemsitabini na vidonge visivyo na dawa. HR, yaani uwiano wa hatari ya kufa, ilikuwa 0.82.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mtu anatangaza kwamba dawa imepunguza hatari ya kifo kwa asilimia 18, na anayemsikiliza anaelewa kuwa kati ya wagonjwa 100, 18 wameokolewa. Sivyo hata kidogo. HR inalinganisha kasi: miongoni mwa wale ambao bado wako hai, kundi la erlotinibu lilikuwa likipoteza watu 82 pale ambapo kundi la pili lingepoteza 100. Haikuambii wangapi watafika mwakani, wala wataongezewa muda gani.

Majibu hayo yako kwenye grafu, na rula inatosha. Ilaze kwenye asilimia 50 uone inakata kila mstari wapi: miezi 6.24 kwa erlotinibu, 5.91 kwa wenzao. Tofauti ni kama siku kumi. Sasa isimamishe kwenye mwezi wa 12: asilimia 23 wako hai upande mmoja, 17 upande wa pili. Katika kila wagonjwa 100, ni sita zaidi.

Siku kumi zikitajwa peke yake zinaipunja dawa, maana mistari ilikuwa bado imebanana pale katikati. Asilimia 18 ikitajwa peke yake inaipamba. Mimi hutaja vipimo vyote viwili vya rula, kisha naongeza vipele na kuhara, ambavyo viliwapata zaidi waliomeza erlotinibu.

Kuna hesabu ndogo ya kuhakiki:

```
0.17^0.82 ≈ 0.23
```

Uhai wa kundi la kulinganishia ukipandishwa kwa kipeo cha HR unapata uhai wa kundi la dawa. Hapa imekubali. Ila inafaa tu kama uwiano haubadiliki sana kadiri muda unavyokwenda. Mistari ikipishana, HR moja inachanganya vipindi viwili visivyofanana.

Angalia pia masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo HR halisi huenda iko: 0.69 hadi 0.99. Ule mwisho wa 0.99 ni karibu sawa na kutopata faida yoyote.

Kuhusu mkia wa grafu, mimi siuamini kabla ya kusoma safu ya `No. at risk` chini yake, inayoonyesha wangapi bado wako hai na wanafuatiliwa. Wakibaki watu watano, kifo kimoja tu kinaushusha mstari kwa moja ya tano ya kimo chake, hata kama unaonekana umetulia vizuri.