Kufuli la mwenye nyumba mlangoni kwako

Tuchukulie fundi cherehani amepanga chumba na sebule Mbagala, na anashonea humo humo. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Alilipa miezi sita, ikaisha, na sasa anadaiwa miwili, yaani 300,000. Anarudi kutoka Kariakoo na vitambaa vyake, anakuta kufuli jipya mlangoni. Ndani kuna cherehani mbili, friji na nguo za wateja. Mwenye nyumba anamwambia: "Lete hela yangu, nikupe vitu vyako."

Deni lipo, hilo halina ubishi. Lakini kudai ni jambo moja na kujihukumia ni jingine. Mpangaji ana haki ya kukaa bila kusumbuliwa, na haki hiyo haifutiki siku kodi inapochelewa. Inaondolewa kwa utaratibu: notisi ya maandishi inayotaja deni na muda wa kulilipa, kisha shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha amri. Anayetoa vitu nje ni dalali aliyepewa kazi hiyo na baraza au mahakama, siyo mwenye nyumba na vijana wa kijiweni. Kukata umeme au maji ili mtu aondoke mwenyewe ni kufuli lile lile kwa jina jingine.

Vitu navyo havigeuki kuwa dhamana kwa sababu tu viko chini ya bati la mdai. Katiba, ibara ya 24, inalinda mali ya kila mtu, na zile nguo za wateja hata siyo za mdaiwa. Kifungu cha mkataba kinachosema "nikichelewa kodi mlango ufungwe" hakimpi mwenye nyumba madaraka ya baraza.

Wengi hukwama pale mwenye nyumba anapokuja na mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa. Hao ni mashahidi wazuri, lakini barua yao siyo amri ya kumtoa mtu. Hata Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Amri halisi ina namba ya shauri, majina ya pande zote mbili, saini na muhuri. Ukionyeshwa karatasi, ipige picha, kisha ukaulizie namba hiyo kwa karani wa baraza lililotajwa.

Fundi wetu afanye nini? Kwanza asivunje kufuli. Akilivunja, kesho ataambiwa ameharibu mali, au ameiba kitu kilichokuwa ndani, na mlalamikaji atakuwa amegeuka mshtakiwa. Apige picha za mlango, aandike orodha ya kila kitu kilichofungiwa, atafute risiti na majirani walioona. Ampelekee mwenye nyumba barua fupi: nakiri deni la 300,000, naomba mlango ufunguliwe leo, na hivi ndivyo nitakavyolipa. Nakala abaki nayo. Meseji ya simu nayo ni ushahidi, hasa mwenye nyumba akijibu, "Ndiyo nimefunga."

Polisi aende achukue RB, ila asishangae akiambiwa hilo ni la madai. Wizi unahitaji nia ya kuiba, na mwenye nyumba atasema anashikilia tu mpaka alipwe. RB hiyo bado ina kazi, kwa sababu inaonyesha tarehe.

Siku hiyo hiyo aende Baraza la Kata kuomba usuluhishi. Ukishindikana, achukue hati inayosema hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu anaweza kwenda wilayani bila hati hiyo. Huko Temeke atafungua maombi pamoja na hati ya kiapo na hati ya dharura, akiomba amri ya muda ya kufunguliwa mlango na kuzuia vitu visiuzwe. Asiyemudu wakili aulizie msaada wa kisheria, kwa mfano Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Kisha aweke hesabu, maana fidia hailipwi kwa hasira. Kama daftari lake la kazi linaonyesha faida ya 15,000 kwa siku na mlango umefungwa siku 18, anadai 270,000. Siku hizo 18 pia apinge kuzilipia kodi, kwa kuwa nyumba hakuitumia. Kwa 5,000 kwa siku ni 90,000. Jumla ni 360,000. Kodi ya siku hizo ikihesabiwa, deni lingekuwa 390,000; ukitoa 360,000, linabaki 30,000. Baraza linaweza kupunguza madai ya fundi, hasa daftari likiwa na mapengo, lakini mwenye nyumba aliyekuja kudai 300,000 anaweza kuondoka na 30,000 tu.

Mwenye nyumba akikubali kufungua kabla ya shauri, vitu vihesabiwe mbele ya mashahidi kabla ya kusaini chochote. Karatasi inayosema "nimeacha cherehani kama dhamana" isisainiwe kabisa: hiyo ndiyo itakayosomwa barazani.