Barua ya dharura ya dawa: hesabu siku ambazo kadi ilisoma sifuri

Swali: "Assalamu alaykum. Mimi nasimamia kituo kidogo cha afya huku Pemba, sina hata miezi mitano kazini. Amoksilini ya watoto imekwisha, sindano za wajawazito zinaelekea kwisha, na mgao wa kawaida hauji mpaka baada ya mwezi na nusu. Nataka kuiandikia bohari barua ya haraka. Niandike nini wanisikie, na niombe kiasi gani?"

Wa alaykumu ssalam mdogo wangu. Kabla hujakamata kalamu, mpigie simu mtunza stoo wa bohari umuulize neno moja: dawa hii ipo kwenu au haipo? Ikiwa ipo, barua yako inaomba itolewe na isafirishwe. Ikiwa haipo, barua hiyo hiyo haitakuletea kitu hata uandike kwa machozi. Hapo inabidi umwombe Daktari Dhamana wa Wilaya akutafutie kituo chenye ziada, na bohari uiombe dawa mbadala iliyomo kwenye mwongozo wa matibabu. Mimi sikuuliza, nikapoteza siku nyingi.

Ilikuwa masika, nasimamia kituo upande wa magharibi. Amoksilini ya vidonge vya kuyeyuka ilikuwa imetukwisha siku kumi nyuma, na kina mama wanakuja asubuhi na watoto wanaohema kwa tabu. Nikaandika barua ya kurasa mbili. Niliorodhesha vitu kumi na tisa: amoksilini, parasetamoli, glavu, bendeji, sindano za uzazi, kila nilichokiona kimepungua kabatini, na mwisho nikaomba "mtusaidie kwa haraka". Hakuna kiasi hata kimoja nilichokitaja. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: ombi limepokewa, litaunganishwa na mgao ujao. Niliumia sana. Kila siku nilikuwa nawaandikia watoto dawa ambayo sina, nikijua baadhi ya wazee wao hawana pesa ya kwenda duka la dawa.

Mfamasia mmoja mzee wa wilaya ndiye aliyekaa na mimi na kadi zangu za stoo. Akaweka kidole kwenye mistari mitatu, akaniambia: "Hizi tatu ndizo barua. Nyengine zote ni oda." Aliwafikiria watu wanaopokea kule bohari. Wao wakiona vitu kumi na tisa wanaona oda iliyochelewa, na oda ina foleni yake. Dharura ni dawa ambayo mgonjwa akiikosa leo anaweza kufa leo au kesho kutwa, na kabatini hamna ya kushika nafasi yake. Kwetu ilikuwa amoksilini kwa nimonia ya watoto, oksitosini kwa damu baada ya kujifungua, na magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba.

Sasa kiasi, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tumezoea kuchukua matumizi ya miezi mitatu, tukagawa kwa tatu, tukaita wastani wa mwezi. Kadi yangu ilionyesha vidonge 2,400 vimetoka katika miezi mitatu. Kwa hesabu hiyo wastani ni 800. Lakini dawa ilikuwepo miezi miwili tu, siku 60. Siku 30 za mwisho kadi ilisoma sifuri, na sifuri ile haikuwa na maana kwamba watoto hawakuumwa. Kwa hiyo gawa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo: 2,400 kwa 60 ni vidonge 40 kwa siku, yaani 1,200 kwa mwezi. Ningeomba kwa wastani wa 800 kwa miezi miwili, ningepata 1,600, ambavyo kwa matumizi ya kweli vinakwisha siku ya 40. Mgao ulikuwa siku ya 45. Ningerudi kulekule kwenye kabati tupu, na safari hii kosa ni la kalamu yangu.

Mzee yule hakuridhika na kadi peke yake. Alitaka rejista ya wagonjwa ikubali. Mtoto wa miezi 2 mpaka 12 mwenye nimonia hupewa kidonge kimoja cha miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa siku 5, jumla 10. Wa mwaka mmoja mpaka mitano hupewa viwili mara mbili, jumla 20. Tukahesabu: katika mwezi wenye dawa walikuja wadogo kama 30 na wakubwa kama 45. Wadogo ni vidonge 300, wakubwa 900, pamoja 1,200. Kadi na rejista vikasema neno moja. Visipokubaliana, usiandike barua mpaka ujue sababu: ama dawa inatolewa bila kuandikwa, ama watu wazima wanapewa vidonge vya watoto, ama kuna boksi limesahauliwa nyuma ya mlango. Bohari wakija kukagua wakaligundua wao, barua yako ya pili hawataiamini.

Tukaomba siku 60: siku 45 za kufikia mgao na 15 za akiba, kwa sababu mwezi wa masika gari huchelewa. Hiyo ni 1,200 mara mbili, 2,400, toa kilichopo, ambacho ni sifuri. Pakti zetu ni za vidonge 100, kwa hiyo pakti 24. Andika kwa pakti na kwa vidonge vyote viwili, maana nimeona "24" ikisomwa vidonge 24.

Magnesiamu haifuati hesabu hii hata kidogo. Inaweza kupita miezi minne hujaitumia, na wastani ukasema huhitaji kitu. Dawa ya namna hii unaiombea mgonjwa, huiombei mwezi. Dozi ya kuanzia kabla ya kumpeleka mama hospitali ni gramu 14: nne za mshipa na kumi za makalio, tano kila upande. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 50 ina gramu 5, kwa hiyo mama mmoja anahitaji ampuli 3. Sisi tulitaka kuwa tayari kwa wawili, basi 6. Tulikuwa na moja, tukaomba 5. Soma lebo vizuri, kwani ziko pia ampuli za mililita 2 zenye gramu moja tu, na hapo hesabu yote inageuka.

Oksitosini ni rahisi kuhesabu: kila anayejifungua ampuli moja ya yuniti 10, na akiba kwa anayetoka damu nyingi. Kinachotakiwa barua iseme ni friji. Dawa hii inakaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, na bohari ana haki ya kusita kumpa mtu asiyejua friji lake likoje. Taja kipimo cha asubuhi na useme nani atakuja na kibebeo cha baridi.

Hii ndiyo barua tuliyoiandika, nimetoa majina na namba tu:

"Kumb. Na. ........ Tarehe ........

Meneja, Bohari ya Dawa, Pemba.
Kupitia: Daktari Dhamana wa Wilaya.

KUH: OMBI LA DHARURA LA DAWA TATU

Kituo chetu hakina amoksilini ya vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250 kwa siku 30 sasa. Katika siku hizo watoto 71 wameandikiwa dawa hii kwa nimonia na hawakuipata kituoni. Mgao wa kawaida unatarajiwa baada ya siku 45. Tunaomba tupatiwe kabla ya hapo:

Amoksilini miligramu 250: salio 0, matumizi 1,200 kwa mwezi (yamehesabiwa kwa siku 60 ambazo dawa ilikuwepo), ombi vidonge 2,400, pakti 24.

Oksitosini yuniti 10: salio ampuli 6, wanaojifungua kituoni ni 18 kwa mwezi, kwa miezi miwili ni 36, na akiba ya kutibu damu 20, ombi ampuli 50.

Magnesiamu salfeti asilimia 50, mililita 10: salio ampuli 1, kiwango cha kuwa nacho ni ampuli 6 kwa wagonjwa wawili, ombi ampuli 5.

Oda yetu iliyopita haikuzingatia ongezeko la wagonjwa wa masika. Mgao ujao tutarekebisha. Friji linafanya kazi, kipimo cha leo asubuhi ni nyuzi 5. Tuna kibebeo cha baridi na mtumishi wa kuja kuchukua siku yoyote mtakayotaja. Ikiwa kiasi chote hakipo, tunaomba kilichopo kitolewe sasa na tuelezwe tarehe ya kilichobaki. Nakala za kadi na rejista zimeambatanishwa."

Utaona tumekiri kosa letu la oda kwa mstari mmoja. Nilikuwa sitaki, nikaona nitajitia aibu. Lakini bohari wana oda yangu mezani, wanaona nilichoomba. Ukinyamaza, wanajadili kosa lako badala ya dawa. Ukilitaja, wanapita.

Na usiipeleke moja kwa moja ukamruka Daktari Dhamana. Si adabu ya ofisi tu. Yeye ndiye anayejua kituo gani kina ziada, na kwetu, barua ilipopita mezani kwake, alipiga simu akatupatia pakti 3 kutoka kituo jirani siku ile ile. Ukiazimwa hivyo, iandike kwenye kadi zote mbili, ya kwao na yako, la sivyo mgao ujao kituo kile kitaonekana kimetumia dawa ambayo hakikuitumia.

Siku ya nne bohari walitupa oksitosini na magnesiamu zote, na amoksilini pakti 15 kati ya 24. Nilikaa nikapiga hesabu papo hapo: 1,500 kwa vidonge 40 kwa siku ni siku 37 na nusu, na zile pakti 3 za kuazima, tulizoanza nazo siku ya barua, ni siku 7 na nusu, jumla 45. Mgao siku ya 45. Kwa makaratasi tumefika, kwa kweli hatukubaki na hata siku moja ya kuchelewa gari. Nikaandika mistari miwili: tumepokea pakti 15, zilizobaki 9 tunazihitaji ndani ya wiki nne, na nikataja tarehe. Zilikuja baada ya wiki tatu.

Siku ya kupokea, hesabu mbele ya dereva na uangalie tarehe za kwisha kabla hujasaini. Na kwenye kadi ya stoo, mstari uliosoma sifuri, andika pembeni idadi ya siku ambazo dawa haikuwepo, kwa wino, kwa sababu baada ya miezi miwili wewe mwenyewe hutakumbuka kama zilikuwa 30 au 20.