Re: Wastani wa watoto unatoka wa ajabu

> Wakuu, nina faili la zamani la dodoso la kaya za wavuvi hapa Bagamoyo. Safu ya watoto inanipa wastani wa 23 kwa kaya! Fomula nimeihakiki, iko sawa. Tatizo nini?

Mkuu, panga hiyo safu kuanzia namba kubwa. Nina hakika juu kabisa utakuta 99, labda na 98. Hao si watoto. Zamani karani aliyekosa jibu hakuacha nafasi wazi, alijaza namba ambayo haiwezi kuwa jibu la kweli, na kompyuta inaijumlisha kama nyingine.

Chukua kaya 10. Nane zina watoto 32 jumla, yaani wastani wa 4. Mbili hazikujibu, zikaandikwa 99 kila moja. Jumla inakuwa 230, ukigawa kwa 10 unapata 23 yako.

Kwa safu hiyo tumia:

```
=AVERAGEIF(C2:C11,"<98")
```

Tafadhali usiweke 0 badala ya 99, maana sifuri ni kusema kaya haina mtoto. Futa, acha seli tupu.

Ila usifute 99 faili zima. Kwenye kilo za samaki, 99 inaweza kuwa mzigo halisi, na alama ya kukosa jibu huko ikawa 999. Tafuta dodoso lenyewe la karatasi, uone kila swali lilipewa namba gani. Kama faili lilitoka SPSS, huenda huko 99 ilishatengwa isihesabiwe, ila mpangilio huo hupotea faili likihamishiwa CSV.