Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: jinsi karatasi moja ilivyonigharimu wanawake tisa

Juzi dada mmoja mwenye saluni Bagamoyo aliniandikia. Ameona picha ya karatasi mpya ya uanachama tuliyobandika kwenye jimu yetu ya wanawake hapa Chumbageni, Tanga, akaomba ruhusa ya kuinakili abandike kwake. Nimemruhusu. Lakini karatasi ile ina historia, na sitaki aichukue bila kujua maumivu yaliyoizaa.

Ya zamani ilisomeka hivi, kwa herufi kubwa nyekundu: OFA KABAMBE! MIEZI MITATU 120,000 BADALA YA 150,000. Chini kabisa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Masharti yenyewe yalikuwa nyuma ya fomu, nami niliyatoa kwenye fomu ya jimu nyingine bila kuyapima. Yalisema malipo hayarudishwi kwa hali yoyote, na kwamba uanachama utahuishwa mwezi hadi mwezi mpaka mwanachama atoe taarifa ya maandishi siku 30 kabla.

Akaja mama mmoja wa Makorora, akalipa 120,000 taslimu. Alihudhuria vizuri, wala hakuwa msumbufu. Siku ya 35 akanitumia meseji: mama yake anaumwa Lushoto, anakwenda kumuuguza, hajui atarudi lini, je, anaweza kurudishiwa chochote? Nilimjibu kwa maneno mawili: "Soma masharti." Naandika haya na bado naona aibu.

Alirudi miezi mitano tangu siku aliyojiunga. Nikafungua daftari, nikamwambia anadaiwa 100,000 ya miezi miwili iliyofuata baada ya ofa kwisha, kwa sababu hakuleta barua. Alinitazama mbele ya wenzake akasema, "Dada, mimi nilikuamini." Akatoka. Wiki ile wanawake tisa wa kikoba chake hawakuonekana tena.

Nilikasirika mwezi mzima. Nilijiambia kwamba alitia sahihi mwenyewe. Kisha usiku mmoja nikakaa na ile fomu, nikaisoma kama vile mimi ndiye niliyeuguliwa na mama Lushoto, nikaona kila mstari ulivyonilinda mimi peke yangu.

Nilianza na kuhuisha. Mstari ule ulimfanya mtu awe mdaiwa kwa kukaa kimya tu. Sasa umegeuzwa: "Uanachama unakwisha wenyewe siku ya 90. Hakuna deni linaloendelea. Tutakutumia meseji siku 7 kabla, yenye tarehe ya mwisho na bei ya kuendelea. Ukitaka kuendelea, lipa, usipolipa, umemaliza." Angalia pia neno "siku 90". Nilikuwa nimeandika miezi mitatu, na tulibishana na watu mara nyingi: aliyejiunga tarehe 30 Novemba anamaliza lini, na Februari haina tarehe 30? Hesabu siku, kisha andika tarehe ya mwisho kwa kalamu kwenye risiti ya kila mtu. Na kama unatoza kila wiki nne, usiite mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mteja wako analipa mara 13 huku akidhani analipa mara 12.

Pili, taarifa ya siku 30. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, sharti hilo maana yake ni moja tu: siku atakayoamua kuacha, atalipa mwezi mmoja asiouhitaji. Nililifuta. Na barua je? Yule mama alijiunga kwa kunitumia meseji na kulipa mlangoni, dakika tano. Kwa nini kuondoka kuhitaji barua iliyotiwa sahihi, iletwe saa za kazi? Sasa tunasema: "Kuacha, tuma neno NAACHA kwa namba ileile uliyojiungia. Siku tuliyopokea meseji ndiyo siku uliyoacha." Nasi tunamjibu, ili abaki na ushahidi.

Tatu ndipo penye uzito: marejesho. Hapa wamiliki wengi huogopa, na hofu yao ina msingi. Ukirudisha kwa kugawa siku sawasawa, siku 35 kati ya 90 zina thamani ya kama 46,700, basi unamrudishia 73,300. Lakini punguzo ulilitoa kwa sababu aliahidi siku 90. Akiondoka mapema na punguzo lote, kesho kila mtu atajiunga na ofa ya miezi mitatu kwa ajili ya mwezi mmoja. Ukienda upande wa pili ukamtoza bei ya siku, ambayo kwetu ni 3,000, siku 35 ni 105,000, anabakiwa na 15,000. Hiyo ni adhabu iliyovishwa nguo ya hesabu, maana hakuna anayekuja kila siku.

Tulichochagua ni bei ya kawaida ya muda aliotumia. Mwezi mmoja ni 50,000, siku tano zilizozidi tunazihesabu wiki moja, 15,000, jumla 65,000. Amelipa 120,000, basi anarudishiwa 55,000. Amepoteza punguzo, hajapoteza haki yake. Mfano huo tumeuandika wote kwenye karatasi, kwa tarakimu, kwa sababu kanuni bila mfano kila mtu huisoma kwa faida yake. Zinalipwa ndani ya siku 7, kwa simu. Yule mama wa Makorora nilimfutia deni nikamtumia 55,000 zake. Alijibu "Nimepokea." Hajarudi, na ninaelewa.

Mwisho tuliongeza kusimamisha, ambako hakukuwepo kabisa. Tanga yetu hii, Ramadhani ikiingia jimu inakuwa tupu mchana, na zamani siku za watu ziliungua bure mwezi mzima. Sasa mtu anatuma neno SIMAMISHA, kuanzia siku 7 hadi 60 kwa jumla, na tarehe yake ya mwisho inasogezwa mbele kwa siku hizo. Ugonjwa, uzazi, msiba, mfungo, hatuulizi sababu. Ukomo wa siku 60 tunauhitaji, kwa kuwa kodi ya pango haisimami.

Ndugu zangu wenye biashara, acheni kujificha nyuma ya "vigezo na masharti kuzingatiwa". Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na bei ya herufi kubwa mbele yenye sharti zito mgongoni inapotosha hata kama kila neno lake ni kweli. Weka sharti la kuacha upande uleule wa karatasi ilipo bei. Kisha mpe mtu asiye mwanachama aisome. Mimi nilimpa muuza mihogo wa jirani nikamuuliza: ukiacha leo baada ya siku 20, unarudishiwa ngapi? Mara ya kwanza alisema "nadhani". Nikaandika upya. Mara ya tatu akasema "70,000" bila kusita, na ndivyo ilivyo, kwa kuwa mwezi wa kwanza ukishaanza unahesabiwa wote.

Kwako dada wa Bagamoyo: saluni haiuzi siku, inauza mara. Kadi yako ya kuosha na stimu mara sita kwa bei ya tano usiihesabu kwa tarehe kama yangu. Mteja akiacha baada ya mara mbili, toa bei ya kawaida ya mara mbili, rudisha iliyobaki. Na ukiweka ukomo wa kadi, uandike juu ya kadi yenyewe, karibu na pale unapogonga muhuri, maana hapo ndipo macho yake yanapokwenda kila anapokuja.